Karantini ni siku ngapi, na zinaanza lini?

Fundi simu wa mtaani kwetu, hapa Ngamiani mjini Tanga, alirudi safari mwaka jana akiwa mzima kabisa. Siku chache baadaye akapigiwa simu kwamba abiria aliyekaa naye kiti kimoja basini amekutwa na Mpox. Afisa afya akaja, akamkagua ngozi, akampima joto, akamwachia namba ya simu na kumwambia ajiangalie kwa siku 21. Kuhusu kazi, akamwambia aendelee.

Kufika magharibi kijiwe cha kahawa kilikuwa na habari tatu tofauti. Ya kwanza ilisema fundi anaumwa, amefichwa. Ya pili ilisema yuko karantini ila ametoroka, maana mchana kaonekana dukani akibadilisha kioo cha simu. Ya tatu aliitoa mzee mmoja anayeheshimika sana pale, tena kwa utulivu wa mtu mwenye hakika: "Karantini haiwezi kuwa siku 21. Neno lenyewe maana yake ni arobaini. Kama si arobaini, si karantini."

Mzee alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowavuruga wengi. Mimi nilikuwa bwana afya kabla ya kustaafu, na sehemu kubwa ya miaka yangu ya kazi niliitumia bandarini. Swali la "ni siku ngapi?" nimeulizwa na manahodha, na wachuuzi wa samaki, na hata na mke wangu. Jibu lake halianzi na namba. Linaanza na kumtambua mtu tunayemzungumzia.

Watu wenyewe wako wa aina tatu. Wa kwanza ni mgonjwa, yaani mtu ambaye ugonjwa umethibitika kwake au dalili zimeshaanza. Huyu hutengwa: huwekwa chumba chake au wodi yake, hutibiwa, na anayemhudumia huvaa vifaa vya kujikinga. Wa pili ni mtu mzima wa afya, hana homa wala kipele, ila tunajua alikutana na mgonjwa au ametoka sehemu yenye ugonjwa. Hatujui kama ameambukizwa, na yeye mwenyewe hajui. Akizuiwa kuchangamana na watu mpaka jambo lijulikane, kuzuiwa huko ndiko karantini. Wa tatu ni mzima kama huyo wa pili, naye alikutana na mgonjwa, lakini haachi shughuli zake. Anaangaliwa tu kila siku kama dalili zinatokea. Huyo anafuatiliwa, na fundi wetu alikuwa wa aina hii. Hakuwa mgonjwa, hakuwa karantini, na kwa hiyo hakuwa na mahali pa kutoroka.

Kwa msomaji wa pwani nina mfano wa karibu zaidi, nao ni eda. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi. Hakai kwa sababu ana kosa au ana ugonjwa. Eda ina hekima nyingi ambazo wenye elimu wanazieleza vizuri kuliko mimi, na mojawapo wanayoitaja ni kujua kama tumbo lina mtoto au halina. Ni kungojea kwa hesabu mpaka shaka iondoke. Lakini mjane huyo akiwa tayari ni mjamzito, hesabu ya miezi na siku inawekwa kando, na eda yake inaisha anapojifungua. Aliye kwenye shaka anahesabiwa siku. Ambaye jambo lake limeshajulikana, tunangoja tukio.

Karantini na kutengwa vinatofautiana hivyo hivyo. Karantini ina namba kwa sababu ni muda wa shaka. Kutengwa hakuishi kwa kalenda peke yake, kunaisha pale mwili wa mgonjwa unapoonyesha kwamba hawezi tena kuambukiza wengine. Ukikumbuka eda hizo mbili, mengi yatakayofuata yatakaa sawa yenyewe.

Sasa turudi kwa mzee na arobaini yake. Mwaka 1377, mji wa bandari wa Ragusa kwenye bahari ya Adriatiki, ambao leo ni Dubrovnik nchini Kroatia, ulikuwa unaogopa tauni kama miji yote ya Ulaya ya wakati ule. Lakini uliishi kwa biashara, na kufunga bandari kulikuwa sawa na kufunga tumbo. Baraza la mji likaamua kwamba anayetoka sehemu yenye tauni asiingie Ragusa mpaka kwanza akae kwenye kisiwa kidogo cha Mrkan au katika mji wa Cavtat ulio jirani. Muda uliowekwa ulikuwa mwezi mmoja. Siku 30, mzee wangu, hazikuwa arobaini. Na kulikuwa na sharti ambalo kila ninapolifikiria nalivulia kofia: mwenyeji wa mjini akienda kuwatembelea watu wale bila ruhusa, naye anabakishwa huko huko mwezi mzima. Nitalirudia sharti hilo baadaye.

Siku hizo 30 zikaongezwa huko mbele zikawa 40, na kwa lugha ya watu wa Venisi, mji wa bandari wa Italia, siku arobaini zikaitwa kwa neno lililozaa karantini tunayoitumia leo. Venisi yenyewe ilikwenda hatua moja mbele ya Ragusa. Mwaka 1423 ilitenga kisiwa kimoja kwa wagonjwa wa tauni. Mwaka 1468 ikafungua kisiwa cha pili, na hiki cha pili hakikuwa cha wagonjwa. Kilikuwa cha mabaharia, wasafiri na mizigo iliyoshukiwa, wakae na kungojewa. Wale watu hawakujua kijidudu ni nini, lakini walikuwa wameshaelewa kwamba mgonjwa na mshukiwa hawalali chumba kimoja. Sisi mwaka 2020 bado tulikuwa tunawachanganya kwenye mazungumzo, na mahali pengine duniani hata kwenye vyumba.

Kwa nini arobaini na si thelathini na tano? Hakuna aliyepima. Arobaini ilikuwa namba iliyozoeleka. Wakristo walikuwa na Kwaresima yao ya siku arobaini, na waganga walikuwa na mafundisho ya kale ya Wagiriki kwamba ugonjwa mkali huonyesha hatima yake ndani ya siku hizo. Sisi wenyewe tunazo arobaini zetu. Mzazi hukaa arobaini, marehemu husomewa arobaini, na hata mwizi siku zake ni arobaini. Namba kama hii haihitaji kutetewa, mtu akiisikia tu anakubali.

Hapo inanibidi nigusie ujumbe uliozunguka sana kwenye simu wakati wa UVIKO-19, kwamba karantini ilibuniwa na Ibn Sina aliyeiita kwa jina la arobaini ya Kiarabu. Ibn Sina alikuwa tabibu mkubwa, aliyefariki mwaka 1037, na kitabu chake cha utabibu kinazungumzia maradhi yanayopita kutoka mtu hadi mtu. Lakini neno karantini halikutoka kwake. Njia yake inajulikana: Adriatiki, Venisi, kisha lugha nyingine za Ulaya, kisha kwetu. Anayetafuta mafundisho ya Kiislamu kuhusu jambo hili anayo hadithi mashuhuri ya tauni: ukiisikia iko katika nchi usiingie, na ikitokea mahali ulipo usitoke kuikimbia. Hiyo haina hesabu ya siku, na kwa kweli inazungumzia kitu cha nne, yaani kufunga eneo zima, wazima na wagonjwa pamoja. Watu wengi mwaka 2020 waliita karantini kitu hicho walipoona miji ya nje imefungwa. Kitaalamu ni vitu viwili, kwa sababu kwenye kufunga mji hakuna anayeulizwa kama alikutana na mgonjwa.

Arobaini ilikaa kwenye jina, ikaondoka kwenye kazi. Kilichochukua nafasi yake ni kipindi cha kuatamia, yaani muda kutoka mtu anapoambukizwa mpaka dalili ya kwanza. Waliotafsiri walichagua neno zuri sana. Yai la kuku ukiliweka chini ya mama yake linachukua siku 21. La bata mzinga linachukua kama 28. Wale bata wa kawaida wanaozurura uswahilini kwetu huchukua kama siku 35. Anayekwambia "yai huanguliwa siku 40" ukimuuliza yai la ndege gani, na hana jibu, basi hajafuga.

Magonjwa nayo ni hivyo. Kipindupindu kinaweza kuangua ndani ya saa chache, na kwa kawaida hakizidi siku tano. UVIKO-19 ulihesabiwa kuwa kati ya siku mbili na 14, ndiyo maana Machi 2020 wasafiri walioingia nchini kutoka nchi zilizoathirika walitakiwa kukaa siku 14, tena kwa gharama zao. Marburg na Ebola hufika siku 21, na Mpox pia. Siku 21 za kuku na za Marburg ni bahati tu ya hesabu, lakini mimi nimeitumia miaka mingi kufundishia na haijawahi kunitupa.

Lakini mfano wa yai una mahali unapochechemea. Mayai chini ya kuku mmoja huanguliwa karibu siku moja. Magonjwa hayana nidhamu hiyo. Kati ya watu kumi walioambukizwa siku moja, wengi wataanza kuumwa katika wiki ya kwanza au ya pili, halafu atabaki mmoja anayechelewa. Karantini inapangwa kwa ajili ya huyo mchelewaji. Ndiyo maana mtu aliyefika siku ya 15 salama anahisi anaonewa, na kwa kweli uwezekano wa yeye kuwa na ugonjwa umeshashuka sana. Umeshuka, haujaisha.

Na tauni yenyewe, iliyoanzisha habari yote hii? Inaatamia siku moja hadi saba. Arobaini ya Venisi ilikuwa mara kadhaa ya muda uliohitajika kwa binadamu, na wakati huo huo ilishindwa kumzuia panya aliyeshuka kwa kamba ya meli na viroboto vyake mgongoni. Sisi wa Tanga tauni si hadithi ya Ulaya. Lushoto imeijua tangu mwaka 1980, na ilirudi mara kwa mara kwa miaka mingi. Leo mtu aliyekaa karibu na mgonjwa wa tauni ya mapafu hupewa dawa ya kuua bakteria kwa siku saba na kuangaliwa kwa siku hizo hizo saba. Arobaini imekuwa saba, kwenye ugonjwa ule ule uliozaa jina.

Tukishajua ukubwa wa namba, linabaki swali ambalo kwa uzoefu wangu ndilo linaloharibu karantini nyingi kuliko yote: namba inaanza kuhesabiwa lini? Wengi wanadhani inaanza siku afisa afya alipogonga mlango. Haianzi hapo. Sifuri ni siku ya mwisho mtu alipokutana na mgonjwa akiwa tayari anaweza kuambukiza. Kila mtu ana sifuri yake, hata mkiishi nyumba moja.

Nitunge nyumba moja ya Makorora ili hesabu ionekane. Tuseme ni Juni, na ugonjwa ni Marburg, ambao hauambukizi kabla mgonjwa hajaanza dalili. Shemeji amefika kutoka safari. Tarehe 3 homa inaanza. Tarehe 6 anapelekwa hospitali na kutengwa, na kipimo kinathibitisha.

Athumani, mtoto wa nyumba, aliondoka kwenda Muheza tarehe 2. Alikula sahani moja na shemeji, wakalala chumba kimoja, lakini homa ilikuwa haijaanza. Athumani hayumo kwenye hesabu. Kijijini watamkimbia kwa sababu wamesikia anatoka nyumba ile, na watakuwa wamekosea.

Hadija, jirani, alileta uji tarehe 4, akamshika mgonjwa mkono, akaondoka na hakurudi tena. Sifuri yake ni tarehe 4, na siku ya 21 ni tarehe 25. Bi Mwanaisha, mwenye nyumba, alimuuguza mpaka gari la hospitali lilipokuja. Sifuri yake ni tarehe 6, na siku ya 21 ni tarehe 27. Binti yake Rehema alikuwa akimsaidia, naye mwisho wake ni tarehe 27. Mpaka hapo hesabu ni nyepesi.

Sasa tarehe 15, siku ya tisa, Bi Mwanaisha anaamka na homa. Kuanzia saa hiyo jina lake limebadilika. Si mtu wa karantini tena, ni mhisiwa, yaani mwenye dalili ambaye bado hajathibitishwa. Anatakiwa atengwe, na si kwenye chumba cha waliothibitika, maana huenda ana malaria tu na ukimlaza pale utampa Marburg kwa mkono wako. Anachukuliwa damu. Kipimo kikitoka hakina kitu, furaha inalipuka na ndugu wanaanza kukunja virago. Bado. Siku tatu za mwanzo za dalili virusi vinaweza kuwa vichache kiasi cha kukwepa kipimo, kwa hiyo hupimwa tena saa 72 zikishapita tangu dalili zianze. Waliowahi kumulika yai kwa tochi wanajua: ukilimulika siku ya pili huoni kitu, na huwezi kusema halina kifaranga.

Tuseme kipimo cha pili kimeona. Rehema, aliyekuwa amebakiza siku 12 tu, amelala na mama yake chumba kimoja mpaka alipochukuliwa tarehe 16. Sifuri yake ya zamani imefutwa. Sifuri mpya ni tarehe 16, na siku ya 21 inaangukia Julai 7. Hadija hakukanyaga tena pale, kwa hiyo hesabu yake haiguswi, na tarehe 25 anatoka zake sokoni.

Kumwambia Rehema habari hiyo ni kazi ngumu. Nimewahi kuwa mlangoni kwa mtu wa namna hiyo, ugonjwa mwingine na mwaka mwingine, na aliniuliza kama serikali inaongeza siku kama riba ya mkopo. Nilimweleza na nadhani hakunielewa, kwa sababu tangu mwanzo hakuna aliyemweleza sifuri ni nini. Alipewa tarehe ya kutoka kwenye karatasi na akaishika kama tiketi.

Ndilo sharti la Ragusa, lile la mwezi wa yule aliyekwenda kutembelea. Ukikutana bila kinga na anayeweza kuwa na ugonjwa, sifuri yako inaanza siku hiyo. Watu wa 1377 walilijua bila darubini.

Kwa sababu hiyo karantini ya watu wengi kwenye chumba kimoja ni karantini mbovu. Kila mmoja anapoumwa, saa ya wote inarudi mwanzo, na mbaya zaidi unawapikia ugonjwa pamoja. Mfano wa wazi ni meli ya abiria ya Diamond Princess, iliyozuiwa Yokohama, Japani, Februari 2020 ikiwa na watu wapatao 3,700. Abiria waliambiwa wakae vyumbani siku 14. Lakini mabaharia waliendelea kupika, kugawa chakula na kulala pamoja kwenye vyumba vyao vya chini. Zaidi ya watu 700 wakaambukizwa. Baadhi waliambukizwa kabla ya kufungiwa, hilo ni kweli, ila kwa mabaharia wale hapakuwa na karantini yoyote. Walikuwa kwenye meli iliyofungwa.

Bi Mwanaisha naye atatoka lini? Kila mtu anataka tarehe, na tarehe haipo. Atatoka dalili zikishaisha na vipimo viwili vya damu, vilivyopishana angalau saa 48, vikiwa havioni virusi. Inaweza kuwa siku ya 12, inaweza kuwa ya 25. Ile ni eda ya mjamzito. Mgonjwa wa Mpox hutoka kutengwa magaga yote yakishadondoka na ngozi mpya kuota chini yake, jambo ambalo mara nyingi huchukua wiki mbili hadi nne. Tetekuwanga, ambayo karibu kila mama ameiuguza nyumbani, ni vivyo hivyo: mtoto harudi shule kwa sababu wiki imeisha, anarudi vipele vyote vikishakauka na kufanya gamba.

Nikiri kwamba kutengwa nako kuna nyakati kulipewa namba. Wakati wa UVIKO-19 mgonjwa aliambiwa siku 10 tangu dalili zianze, na juu yake siku tatu za kukaa bila dalili. Ilifanyika hivyo kwa sababu dunia nzima haikuwa na vipimo vya kutosha kumpima kila mtu mara mbili. Lakini angalia namba hiyo inaanzia wapi. Inaanzia kwenye dalili, na ile 14 ya karantini inaanzia kwenye kukutana. Ndiyo iliyoleta kioja cha mume mgonjwa kuachiwa mapema na mke mzima kubaki ndani. Watu walicheka, lakini hesabu ilikuwa sahihi.

Kuna magonjwa ambayo karantini haina nafasi kabisa. Kifua kikuu kinaweza kujificha mwilini miaka, na wengi waliobeba vijidudu vyake hawaumwi maisha yao yote. Ungemfungia mtu mpaka lini? Kwa hiyo mgonjwa hutibiwa, na kwa kawaida baada ya takriban wiki mbili za dawa zinazomfaa uambukizaji hushuka sana, na wanafamilia huchunguzwa na wanaostahili hupewa dawa ya kinga. Kipindupindu nacho kina kambi ya kutengea wagonjwa, lakini walioishi nao hawafungiwi. Kinachofungwa ni kisima.

Na ndipo tunapofika kwa fundi simu. Swali linaloamua kama mtu mzima afungiwe au afuatiliwe tu ni hili: je, ugonjwa huu unaweza kuambukiza kabla haujajionyesha? UVIKO-19 uliweza, siku mbili hivi kabla ya dalili, kwa hiyo kungojea homa kulikuwa kuchelewa. Mpox mara nyingi huambukiza dalili zikishaanza, na kwa njia ya kugusana kwa karibu. Mwenye shaka akiwa mwaminifu, akajikagua kila siku, akaacha kujamiiana na kutoa damu kwa muda huo, anaweza kuendelea na kazi. Akiona kipele au homa anajitenga saa hiyo hiyo na kupiga simu. Kwa Marburg, ambao nao hauambukizi kabla ya dalili, watu huzuiwa kwa sababu nyingine: kosa moja linaua, na mtu akisafiri siku ya nane hutampata tena. Huo ni uamuzi wa busara na woga kwa pamoja, na wataalamu wenyewe hawakubaliani kila mara.

Namba nyingine inayowachanganya watu ni 42. Mlipuko wa Marburg wa Kagera ulitangazwa Machi 21, 2023. Mgonjwa wa mwisho alikuwa ameshapona Aprili, lakini mwisho wa mlipuko ukatangazwa Juni 2. Niliulizwa kama karantini imeongezwa ikawa 42. Hapana, hakuna mtu aliyekaa ndani siku 42. Ni siku 21 zikihesabiwa mara mbili baada ya mgonjwa wa mwisho kuwa safi, ili kuhakikisha hakuna yai lililosahauliwa chini ya uvungu.

Na mfugaji wa Handeni akisikia redioni kwamba kuna karantini, yeye hafikirii chumba. Anafikiria mnada umefungwa na kibali cha kusafirisha ng'ombe hakitoki, kwa sababu kwa mifugo neno hilo limezoea kutumika kwa zuio la eneo zima, wenye homa ya miguu na midomo na wasio nayo. Ni neno lile lile lenye kazi tofauti, na akija mjini akabishana na mtu wa hospitali, wote wawili watakuwa sahihi.

Bandarini kulikuwa na kitu kimoja ambacho watoto wa Raskazone walikuwa wakikinyooshea kidole kutoka ufukweni: bendera ya njano. Wazee wao waliwaambia ni meli yenye ugonjwa. Zamani ilikuwa kweli, njano ilikuwa alama ya meli iliyo karantini. Katika alama za kimataifa za leo, bendera ya njano ya herufi Q inasema kinyume chake: chombo changu ni kizima, naomba kibali cha kuingia. Nahodha anaipandisha, sisi tunakwenda, tunauliza nani aliumwa njiani na lini, tunaangalia vyeti, tunahesabu siku tangu bandari ya mwisho. Tukiridhika anaishusha. Kwa miaka yote ile nilipanda meli za njano zikiwa na watu wazima wanaocheza karata na kulalamika joto.

Fundi alimaliza siku zake 21 bila hata upele wa joto. Siku ya 22 alikuja kijiweni, akaagiza kahawa na kashata, na mzee akasogea kwenye benchi kumpa nafasi. Akamhesabia kwa vidole, akatikisa kichwa. "Bado kumi na tisa," akasema, na wote tukacheka, isipokuwa fundi.